Jibu: Kurudisha dashibodi ya jana bila kuijenga upya

> "Dashibodi yetu inajisasisha saa 8 usiku. Leo imeamka na sifuri kila mahali, na toleo la jana limeshafutwa. Nifanyeje lisijirudie?"

Habari ndugu. Kwanza angalia skripti yako inaandika wapi. Kama inaandika juu ya folda ileile inayosomwa na watu, tatizo lako liko hapo. Kila usiku ijenge folda mpya yenye tarehe, ikiwa na kurasa pamoja na faili la data, kisha `sasa` kiwe kiungo tu kinachoelekeza kwenye folda mojawapo:

```
ln -s matoleo/2025-03-11 sasa.mpya
mv -T sasa.mpya sasa
```

Kwenye Linux, `mv -T` hubadilisha kiungo kwa mara moja, hivyo hakuna msomaji anayekuta ukurasa nusu. Kurudi nyuma ni amri hizohizo mbili, ukiweka tarehe ya jana.

Mimi yalinikuta: faili la mauzo lilishuka likiwa na mstari wa vichwa tu, na skripti ikamaliza bila kosa lolote. Tangu hapo nahesabu mistari kabla ya kubadilisha kiungo. Ikiwa pungufu ya nusu ya jana, kiungo kinabaki kilipo na mimi napata barua pepe. Nahifadhi matoleo 7, na usafishaji hauligusi kamwe lile ambalo `sasa` kinaelekea.

Ukirudisha, simamisha kwanza kazi ya usiku, la sivyo itakuharibia tena. Na kama kurasa zako zinasoma hifadhidata moja kwa moja, folda ya jana itaonyesha sifuri zilezile.