Ndugu Akifika Getini Kabla ya Zamu

Swali la wiki: "Nimeamka naumwa, simu haina salio hata la ujumbe mmoja, na bosi wangu ni mtu wa kufuata utaratibu. Nikimtuma mdogo wangu aende kazini kunisemea, itahesabika kwamba nimetoa taarifa?"

Itahesabika, mradi ujumbe umfikie mtu anayepanga zamu, ufike kabla kazi haijaanza, na ubaki umeandikwa mahali. Nimekuwa msimamizi wa zamu ghalani kwa muda mrefu, na wajumbe wa namna hiyo nimewapokea wengi: wake, waume, wadogo, mashemeji, hata wazazi. Ninaandika nikiwa upande wa anayepokea, kwa sababu ndiko ujumbe unakoharibikia mara nyingi, na aliyeutuma, akiwa kalala nyumbani, hana njia ya kujua kwamba umeharibika.

Asubuhi ya namna hiyo msimamizi anahitaji kwanza kujua nani hayupo, atarudi lini, na ana kitu gani mkononi ambacho kazi haiwezi kwenda bila hicho. Sababu ya kutokuwepo inafuata baadaye. Wajumbe wengi lakini huja wameandaliwa kwa ajili ya sababu peke yake. Atakueleza kwa uchungu jinsi homa ilivyopanda usiku na jinsi nyumba nzima ilivyokesha, kisha ukimuuliza funguo ziko wapi, au mzigo wa leo umefikia hatua gani, anabaki anakutazama. Si kosa lake, kwa kuwa hakuambiwa. Mgonjwa aliwaza namna ya kuaminika, akasahau kwamba kazi yake ya siku hiyo inabidi ifanywe na mtu mwingine.

Kwa hiyo mpe mjumbe karatasi, hata kama ni ndugu mwenye kumbukumbu nzuri. Maneno ya mdomo yakipita kwa mlinzi, kisha kwa karani, kisha kwa msimamizi, hufika yamepungua au yameongezeka. Ujumbe mmoja uliofanya kazi yake barabara ulitoka kwa mtunza stoo aliyeshikwa na homa na kuharisha usiku wa kuamkia Jumanne. Zamu yetu ilikuwa ikianza saa 2:00 asubuhi, na dada yake alifika getini yapata saa 1:30. Karatasi aliyokuja nayo, ukiacha jina, ilikuwa na maneno kama haya:

"Kwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Ninaumwa tangu usiku na sitaweza kuingia kazini leo Jumanne. Ninakwenda kupimwa asubuhi hii, na kabla ya saa 10:00 jioni nitaleta habari kama kesho nitaingia. Funguo tatu za stoo anazo dada yangu, naomba azikabidhi kwako mwenyewe. Mzigo wa kutoka leo uko karibu na mlango, na hati zake ziko kwenye droo ya juu. Simu yangu haina salio lakini iko hewani, tafadhali nipigie wakati wowote."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayotamani kila mtu aiandike. Kwa kawaida simu isiyo na salio haiwezi kupiga, lakini inapokea. Watu wengi wakiishiwa salio huiacha simu izimike chaji, au huitupa pembeni kana kwamba haina kazi tena, na msimamizi anayetaka kuuliza jambo dogo tu hampati mgonjwa wala mjumbe, ambaye keshaondoka. Kabla mjumbe hajatoka nyumbani, iweke simu kwenye chaji na uiache karibu na kichwa. Zile jumbe za bure za kuomba upigiwe nazo hazitoshi peke yake: namba yako inamfikia bosi bila sababu wala maelezo, tena saa ambayo anapokea simu za watu wengi, na akichelewa kukupigia, huna cha kuonyesha kwamba ulitoa taarifa ya kutokuwepo. Itume kama nyongeza, baada ya mjumbe kuondoka.

Yule dada alipofika, mlinzi alimwambia jambo ambalo mlinzi yeyote mwenye nia njema angesema: "Acha hapa dada, akifika nitamwambia." Hapo ndipo ujumbe mwingi unapopotelea. Mlinzi wa usiku anamaliza zamu yake muda huohuo ambao wajumbe wanafika, na anayempokea hajui kwamba kuna karatasi imebanwa chini ya daftari. Dada alikuwa ameshaelekezwa, akajibu kwa heshima kwamba ana funguo ambazo hawezi kuziacha, na kwamba angesubiri. Nilipofika alinisalimu, akajitambulisha ni nani kwa mgonjwa, akanipa karatasi na funguo. Nilizihesabu mbele yake, nikaandika nyuma ya karatasi kwamba nimepokea ujumbe na funguo tatu, saa 1:40 asubuhi, nikatia sahihi. Kwa kuwa karatasi yenyewe ilitakiwa kubaki kwenye jalada, alinukuu maneno yangu pembeni ya daftari lake akaondoka nayo. Nikikumbuka vizuri, mazungumzo yetu yote hayakufika dakika tano.

Nakala ile ndiyo inayoonyesha kwamba ujumbe umefika. Mjumbe akirudi nyumbani na kusema tu "nimewaambia", usiridhike. Muulize alimwambia nani, saa ngapi, na mtu huyo alijibu nini. Akikutajia cheo na jibu, kwa mfano kwamba msimamizi ameuliza juu ya hati za mzigo, basi ujumbe umefika. Akisema alimwachia "kijana mmoja pale nje", hesabu kwamba haujafika, utafute njia nyingine mapema, hata kwa kuazima simu ya jirani.

Lipo jambo la pili ambalo linaniuma zaidi, nalo ni ndugu kuongeza chumvi kwa mapenzi. Kijana mmoja aliumwa mgongo, akabaki nyumbani kwa ushauri wa daktari, akamtuma kaka yake. Kaka, akiona sura ya msimamizi imekunjamana, aliogopa kwamba mgongo peke yake hautatosha, akasema mdogo wake amelazwa. Wenzake wa zamu, watu wema kabisa, walichanga fedha na jioni wakaenda hospitali kumjulia hali. Hawakumkuta wodini wala kwenye orodha ya waliolazwa. Alipokuja kazini na cheti cha kweli cha daktari, hakuna aliyekisoma kwa moyo mweupe, na ilimchukua muda mrefu kurudisha imani ambayo yeye mwenyewe hakuivunja. Mjumbe wako umwambie waziwazi, kabla hajavaa viatu, kwamba asiongeze wala asipunguze, na kwamba akiulizwa asilolijua jibu lake liwe hili: "Hilo sijui, naomba umpigie mwenyewe, simu yake inapokea." Jibu hilo linatosha, na msimamizi mwenye busara huliheshimu.

Vilevile kuna mambo ambayo mjumbe anayajua lakini hayafai kusemwa pale mapokezi. Ugonjwa ni siri ya mtu. Karatasi ikisema "ninaumwa, ninakwenda kupimwa", inatosha kwa saa ile, na maelezo ya ndani yanaweza kubaki kati yako na anayehusika. Nimewahi kumsikia shemeji wa mfanyakazi akisimulia mbele ya wateja jambo ambalo mwenyewe asingependa hata rafiki yake alijue. Kwa sababu hiyo ninamchagua mjumbe mtulivu kuliko mjumbe msemaji, na mtu mzima kuliko mtoto. Mtoto huzuiwa getini, na hata akiruhusiwa haiwezekani kumkabidhi funguo wala kumuuliza swali la kazi.

Mipaka nayo ijulikane. Kumtuma ndugu ni njia ya kutoa taarifa ya jambo la ghafla, la siku ile au mbili. Si njia ya kuomba ruhusa. Kama unataka wiki nzima kwa ajili ya safari au shughuli ya familia iliyojulikana mapema, ndugu hawezi kukuombea, kwa sababu ruhusa ina majadiliano, na yeye hana la kukubali wala la kukataa kwa niaba yako. Na hata kwenye ugonjwa, ujumbe wake haushiki nafasi ya cheti. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1982, unasema katika kifungu cha 6 kwamba kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, lakini unaacha suala la cheti cha daktari, kwamba kidaiwe kwa kiasi gani, liamuliwe kwa taratibu za kila nchi. Hata nchi ambazo hazijauridhia huwa na masharti yao juu ya cheti. Kwa hiyo soma mkataba wako wa ajira ukiwa mzima, uone taarifa inatakiwa kutolewa kwa nani na ndani ya saa ngapi, na kama kuna mahali pameandikwa kwamba lazima iwe kwa simu. Pakiwa pameandikwa hivyo, mjumbe bado anafaa, ila muulize msimamizi siku ya kawaida kama atampokea, ili asubuhi ya homa isiwe ndiyo siku ya kulijadili.

Tukirudi kwa yule mtunza stoo, nilimpigia saa 4:00 asubuhi. Alikuwa kwenye foleni ya maabara. Nilimuuliza juu ya hati moja iliyokosekana kwenye droo, akaniambia imo ndani ya daftari la kupokelea mizigo, na tukaipata. Jioni, kabla ya saa aliyoahidi, dada yake alipita tena na habari kwamba daktari amempa mapumziko ya siku mbili, nami nikampanga mtu mwingine kwa siku hizo bila kubahatisha. Angekaa kimya baada ya ujumbe wa asubuhi, siku ya pili ningelazimika kumwandika hayupo bila taarifa, kwa sababu taarifa ya Jumanne ilikuwa ya Jumanne tu.

Siku ya kurudi, kabla hajaingia stoo, alikuja ofisini na cheti chake, akaomba kuona daftari la mahudhurio. Nilimfungulia ukurasa. Mbele ya jina lake, Jumanne ilikuwa imeandikwa "mgonjwa, taarifa kwa karatasi", na siku mbili zilizofuata "mgonjwa, cheti kitaletwa". Nikaandika namba ya cheti pembeni, akatia sahihi, nikamrudishia funguo zake tatu. Na wewe fanya hivyo hata kama kila mtu anakupa pole na kukuambia mambo yako yako sawa, kwa maana mwisho wa mwezi anayekokotoa mshahara hasomi pole za watu, anasoma daftari, na neno "mtoro" lililoandikwa kwa haraka na karani aliyekuwa hajapata habari hurekebishwa kwa urahisi siku ile ile kuliko baada ya malipo kutoka.