Kokuschubila na Kokushubira: fuata namba ya ubatizo

Wiki hii dada mmoja wa Muleba ameniandikia. Bibi yake anaonekana katika madaftari matatu ya kanisa, kila daftari na tahajia yake, na ameambiwa hao ni watu watatu. Ujumbe ule umenichoma. Baba yangu aliambiwa maneno hayohayo katika ofisi moja, mbele ya ndugu zake, akaonekana kama mtu anayejitafutia ukoo usio wake. Aliyemdhania hivyo hakufungua hata ukurasa mmoja. Mwaka huu nimemthibitisha bibi wa baba yangu kwa maandishi, na najivunia hilo waziwazi.

Nyumbani alijulikana kwa jina la Katarina Kokushubira. Katika daftari la ubatizo la parokia yetu ya Bukoba, lililoanzishwa na Mapadri Weupe, jina hilo lipo herufi kwa herufi, mwaka 1914. Wengi wangeishia hapo. Lakini huyo alibatizwa akiwa mchanga, na mtoto wa kwanza wa bibi alibatizwa 1923. Binti wa miaka tisa hawezi kuwa mama yake. Mwaka 1913 kuna mwingine, aliyekadiriwa kuwa na miaka kumi: Catharina Kokuschubila, filia Josephi Lwegasila. Huyo ndiye wetu, ingawa tahajia yake ndiyo iliyo mbali zaidi na tuliyoizoea.

Itazame tahajia hiyo kwa utulivu. Padri aliyezoea Kijerumani huandika "sch" pale sisi tunapoandika "sh". Herufi "l" na "r" hupishana Uhayani hadi leo, kwa hiyo Lwegasila na Rwegasira wanaweza kuwa mzee mmoja. Na "Josephi" si jina jingine: ni Josephus, Kilatini kimebadilisha mwisho kwa sababu ya "binti wa". Ukikuta "ex Josepho", bado ni Yosefu yuleyule.

Kwa hiyo ninapotoa nakala naweka safu mbili. Ya kwanza ni kama padri alivyoandika, na haiguswi kamwe. Ya pili nimeisawazisha: sch iwe sh, l iwe r, c ya Catharina iwe k, th yake iwe t, miisho ya Kilatini iondoke. Ninatafuta kwa safu ya pili, kisha narudi kwenye ya kwanza kuhakiki. Mbinu ya Soundex, inayogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kufuata sauti zake, na inayotumiwa na programu nyingi za ukoo, haitakusaidia hapa. Inabakiza herufi ya kwanza na kuzipa l na r tarakimu tofauti, hivyo Lwegasila anakuwa L224 na Rwegasira R226, kana kwamba hawajawahi kukutana.

Ila kusawazisha kunakupa wanaofanana tu. Kinachomfunga mtu ni namba. Amri ya Kanisa Katoliki kuhusu ndoa iitwayo Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza ndoa iandikwe pia kwenye daftari la ubatizo. Ndiyo maana mapambizo yale yana maandishi madogomadogo ambayo watu huyaruka. Daftari la ndoa la 1921 limeandika "Katarina Kokushubira" na pembeni namba yake ya ubatizo. Nikaifuata, ikanifikisha kwenye mstari wa 1913, si wa 1914. Pambizo la mstari huo lina jina la mume wake na tarehe ileile ya harusi. Yule wa 1914 ameandikiwa mume mwingine kabisa.

Namba ikiwa imeliwa na mchwa au wino umefifia, tafuta mambo mawili yasiyotegemeana: mama mzazi na mume, kwa mfano. Msimamizi wa ubatizo ni ushahidi dhaifu kama alikuwa katekista, kwa sababu katekista mmoja aliweza kusimamia nusu ya ukurasa. Kijiji peke yake nacho hakitoshi. Wala usitegemee jina la ukoo, kwa kuwa Wahaya wa wakati ule hawakurithi jina la baba. Kokushubira ni lake mwenyewe, na kaka yake ana jina jingine.

Ndugu zangu, msiwalazimishe wafu kuwa babu zenu. Jambo moja linalopingana na ukweli, kama ule umri wa miaka tisa, linavunja ufanano wa majina kumi. Na msifute tahajia za zamani ili karatasi zipendeze; anayefanya hivyo anamnyima atakayekuja baada yake njia ya kuhakiki.

Dada wa Muleba, anza na daftari la ndoa, usianze na la ubatizo. Soma namba iliyo kando ya jina la bibi arusi, na kama tarakimu haisomeki, linganisha na 1 na 7 nyingine za mwandiko uleule kwenye ukurasa huohuo. Kisha mwombe paroko akufungulie mstari huo, usome pambizo mwenyewe.