FCR 86% lakini simu haziishi: jinsi ninavyoandaa ripoti ya kila Jumatatu

"Wakuu, nimekabidhiwa timu ya huduma kwa wateja, watu tisa. Kila Jumatatu bosi anataka ripoti ya tiketi zilizoisha mara ya kwanza, yaani FCR, na zile zilizofunguliwa upya. Mfumo wetu wa tiketi, Zendesk, unanipa 86% na 5%, namba tamu kabisa, ila foleni ya simu haipungui na wateja wanalalamika wamepiga mara tatu. Nakosea wapi?"

Mkuu, hizo namba zako karibu zifanane na zangu za miaka minne iliyopita. Nilikuwa nasimamia dawati la wateja wa ving'amuzi hapa Dar, wahudumu saba. Wiki moja tulifunga tiketi 480. Kati ya hizo, 412 zilikuwa na jibu moja tu la mhudumu, nikaandika FCR 86%. Zilizofunguliwa upya zilikuwa 26, nikaandika 5%. Bosi akafurahi. Jumatano yake dada mmoja wa kwenye simu akaja mezani kwangu na karatasi aliyoandika kwa mkono, namba za wateja kumi na moja waliompigia asubuhi ile kwa jambo lilelile la wiki iliyopita. Nikazitafuta kwenye mfumo. Tiketi zao zote za mwanzo zilikuwa kwenye ile 86%.

Mfumo haukudanganya. Mimi ndiye nilikuwa nauliza swali lisilo sahihi. "Jibu moja" maana yake mhudumu alijibu mara moja, siyo kwamba shida iliisha. Na tiketi huhesabiwa kuwa imefunguliwa upya pale tu tiketi ileile inapofunguka tena, kwa kawaida mteja akijibu hapohapo. Mteja wetu akikwama hatafuti meseji ya zamani ajibu hapo, anapiga simu au anaingia WhatsApp, na hapo inazaliwa tiketi mpya isiyojua kama ina ndugu. Halafu kuna hili la Zendesk yenyewe: tiketi iliyo Solved, kama hamjabadilisha mpangilio, inakuwa Closed baada ya siku nne. Ikishakuwa Closed haifunguki tena, mteja akijibu inatengenezwa nyingine. Kwa hiyo anayerudi siku ya sita hawezi kamwe kuonekana kwenye 5% yako.

Nilichofanya ni kuacha kuhesabu tiketi nikaanza kumfuata mteja. Toa faili lenye namba ya tiketi, simu ya mteja, sababu, tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa mara ya KWANZA. Ukichukua tarehe ya kufungwa mara ya mwisho, tiketi iliyofunguliwa upya inahamia wiki inayofuata na wiki iliyoharibu inabaki safi. Simu ikiwa safu B, sababu C, kufunguliwa D, kufungwa E, safu F inauliza kama mtu huyo alirudi na jambo hilo ndani ya siku saba:

```
=IF(COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2,D:D,">"&E2,D:D,"<="&E2+7)>0,1,0)
```

Kabla ya hapo safisha simu. Ya WhatsApp inakuja na +255, iliyoandikwa na mhudumu inaanza na 0, na kwa Excel hao ni watu wawili. Weka simu ilivyotoka kwenye mfumo safu H, na kwenye safu B chukua tarakimu tisa za mwisho:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(H2," ",""),9)
```

Sababu nayo iangalie. Kama nusu ya tiketi zimewekwa "Mengineyo", fomula itaunganisha malalamiko yasiyohusiana na itaacha yanayohusiana. Sisi tulilazimika kupunguza orodha kutoka sababu thelathini na kitu hadi kumi na mbili ndipo wahudumu wakaanza kuchagua kwa ukweli.

Wiki ile ya tiketi 480 ikatoa waliorudi kwa tiketi mpya 45. Zile 26 zilizofunguliwa upya nikazisoma moja moja kwa macho, kazi ya dakika kumi: 14 zilikuwa "asante", "ok" na "ubarikiwe". Mteja anashukuru, mfumo unaona tiketi imefunguka. Zikabaki 12. Jumla ya waliorudi kweli ni 57, karibu 12% na siyo 5%. Kati ya hao 57, 49 walitoka kwenye zile 412 za jibu moja, kwa hiyo zilizoisha kweli mara ya kwanza ni 363. Hiyo ni 76%. Nilikaa na hiyo namba siku nzima kabla ya kumpelekea bosi, sitakuficha.

Lakini namba peke yake haikunisaidia mpaka nilipopanga wale 57 kwa sababu. 31 walikuwa jambo moja: amelipia kifurushi, picha haijarudi. Nikaweka pembeni saa ya kufungwa na saa ya kurudi. Karibu zote zilifungwa mchana, zikarudi kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mteja analipia kwa simu akiwa kazini, anapiga, mhudumu anamtumia signali ya kurifreshi, anaandika "tayari, subiri dakika 15", anafunga. King'amuzi kiko nyumbani kimezimwa, na kikiwa kimezimwa hakipokei kitu. Mtu anafika nyumbani, anawasha, skrini bado inamdai.

Tukaongeza swali moja: "King'amuzi kimewashwa sasa hivi?" Kama hapana, tiketi inabaki Pending na mteja anaambiwa akifika nyumbani awashe kwanza, kisha atume neno moja, mhudumu wa zamu ya jioni anatuma signali. Wiki ya tatu wa picha waliorudi walikuwa 9. Gharama yake ujue mapema: wastani wa muda wa kumaliza tiketi ulipanda, maana tiketi ya saa tano asubuhi sasa inafungwa saa mbili usiku. Mwambie bosi kabla hajaiona mwenyewe.

Mambo mawili yatakayokusumbua. Kwanza, tiketi iliyofungwa Jumapili inahitaji siku saba ndipo ujue kama ilishika, kwa hiyo ripoti ya Jumatatu ni ya wiki ya juzi, siyo ya jana. Bosi wangu aliita "habari za kale". Nikawa naweka ya wiki iliyoisha juu, idadi tu, na mbele yake neno "haijakomaa", bila asilimia. Ukiweka asilimia ya wiki changa itaonekana nzuri kila mara, kisha itashuka, na utaanza kuulizwa umeibadilisha kwa nini.

Pili, usibandike waliorudi kwa jina la kila mhudumu ukutani. Nilifanya hivyo mwezi mmoja. Wakaanza kumwambia mteja "fungua nyingine mpya, hii imeshafungwa", na wengine wakabadilisha sababu kwenye tiketi ya pili ili fomula isizikutanishe. Niligundua kwa sababu "Mengineyo" iliongezeka ghafla. Sasa majina nayaona mimi peke yangu, na kwenye ripoti natoa sababu tatu zinazoongoza.

Ripoti yenyewe ni ukurasa mmoja, na mistari ya juu huwa hivi:

Wiki ya juzi: zimefungwa 480. Zimeisha mara ya kwanza 363 (76%). Wamerudi ndani ya siku 7: 57 (12%), "asante" 14 zimetolewa. Sababu ya kwanza: picha baada ya malipo, 31.

Chini yake naweka tiketi mbili nzima, maneno ya mteja kama alivyoyaandika. Bosi husoma hizo kwanza.