Saundiba yangu ya Atmos ilikaa miezi minne bila Atmos, na haikuwa mbovu

Wiki iliyopita shemeji kanipigia analalamika, kanunua saundiba imeandikwa Dolby Atmos kwenye boksi, kaifunga, na sauti anasikia inatoka mbele tu kama spika za kawaida, anataka kuirudisha dukani. Nikamwambia shem tulia kwanza usiirudishe, yamenikuta hayo hayo na mimi nilikaa miezi minne nikijidanganya kwamba nasikia mvua juu ya kichwa kumbe hakuna kitu.

Yangu ni 3.1.2. Ile namba ya mwisho, hiyo 2, ndiyo spika mbili zinazotazama juu, zinapiga sauti kwenye dari inarudi chini kwako. Sasa hizo spika zinahitaji maelekezo yanayokuja ndani ya sauti yenyewe, kwamba helikopta ipo juu kushoto inaelekea kulia. Maelekezo yakipotea njiani saundiba itapiga tu, nyingine hata itajitungia sauti ya juu kwa kukisia, ndiyo maana mtu unaweza kukaa muda mrefu bila kushtuka. Kwa hiyo jambo la kwanza usiamini masikio, na usiamini alama ya Atmos inayotokea kwenye tivii pia, angalia saundiba yenyewe inasema imepokea nini. Nyingi zina kioo kidogo mbele au taa ya rangi fulani, nyingine mpaka ufungue apu yake kwenye simu au ubonyeze kitufe cha info kwenye rimoti. Ikiandika Dolby Atmos umefika, ikiandika Dolby Digital au PCM kuna sehemu imekatwa.

Yangu ilikuwa inaandika Dolby Digital, na mimi nikajua ndiyo hiyo hiyo, si Dolby bwana.

Kosa la kwanza lilikuwa waya. Fundi aliyekuja kutundika tivii alitumia ule waya mwembamba wa mwanga uliokuwa kwenye boksi, unaochomekwa palipoandikwa OPTICAL. Ule waya ni mzuri kwa mambo ya zamani, unabeba sterio na Dolby Digital ya 5.1, basi. Atmos ya Netflix na wenzake inasafiri ndani ya Dolby Digital Plus, na hiyo Plus haipiti OPTICAL kabisa, kwa hiyo tivii inaigeuza kuwa Dolby Digital ya kawaida na sauti za juu zinabaki hapo hapo. Hata ununue waya wa dhahabu haisaidii.

Nikahamia HDMI. Hapa napo angalia nyuma ya tivii vizuri maana kati ya matundu matatu au manne ni moja tu linalorudisha sauti kwenye saundiba, limeandikwa ARC au eARC pembeni, na upande wa saundiba unachomeka palipoandikwa HDMI OUT au TV, siyo HDMI IN. Kuna tivii hilo tundu la eARC ndilo pia mojawapo ya matundu mawili tu yenye kasi ya 120Hz, kwa hiyo mwenye konsoli mbili za kisasa za magemu anajikuta saundiba imekalia kiti cha mmoja.

Nimechomeka ARC, kimya. Nikaingia setingi nikawasha ule mfumo wa vifaa kuwasiliana, HDMI-CEC, ambao kila kampuni imeupa jina lake, Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita SIMPLINK, Sony ni BRAVIA Sync, kisha nikachagua sauti itokee HDMI badala ya spika za tivii. Sauti ikaja, kioo kikaandika PCM. Aisee nimerudi nyuma kuliko nilikotoka!

Hapa ndipo ilipokuwa setingi yenyewe niliyohangaika nayo. Tafuta kwenye sauti, sehemu za ndani kabisa, panaitwa Digital Sound Output au Digital Output Audio Format kutegemea tivii. Ikiwa PCM maana yake tivii inaifungua sauti yenyewe halafu kwenye ARC inatuma chaneli mbili tu. Wewe unataka tivii isiguse kitu, iipitishe ilivyo, kwa hiyo weka Pass Through kama ipo, isipokuwepo weka Auto. Kwenye Sony Auto zipo mbili, jaribu Auto 1 kwanza. Halafu, na hili ndilo lilinipotezea jioni nzima, ukishabadilisha funga apu ya filamu kabisa uifungue upya au zima tivii ukutani, maana apu nyingi zinauliza uwezo wa saundiba zinapowaka tu. Mimi nilikuwa nabadilisha filamu inaendelea, naona hakuna tofauti, narudisha PCM. Upuuzi mtupu.

Na kifurushi pia. Netflix Atmos ipo kwenye kile cha Premium tu, na ubora wa picha kwenye akaunti uwe High au Auto. Nilivyolipia na kuwasha upya, kioo kikaandika Dolby Atmos, kwenye ARC ya kawaida hiyo, siyo eARC. Wauzaji wengi wanakwambia bila eARC hakuna Atmos, siyo kweli, Atmos ya mtandaoni haizidi kilobiti 768 kwa sekunde na inapita ARC bila shida mradi tivii yako inaruhusu Dolby Digital Plus kutoka.

eARC inahitajika kwenye diski. Filamu ya Blu-ray inabeba Atmos ndani ya TrueHD, sauti isiyobanwa hadi kupoteza kitu, inaweza kufika megabiti 18 kwa sekunde na hiyo ARC haiiwezi, eARC inabeba mpaka 37. Shemeji yeye ana pleya ya Blu-ray na tivii ya ARC, kwa hiyo pleya ikichomekwa kwenye tivii sauti inashushwa kuwa Dolby Digital, na hiyo haina sauti za juu. Nikamwambia ichomoe, ichomeke HDMI IN ya saundiba moja kwa moja, picha itapita humo humo kwenda kwenye tivii kwa ule ule waya. Hasara yake ni kwamba saundiba nyingi zinapitisha 4K ya 60Hz tu, kwa filamu haina neno, kwa konsoli ya magemu ya 120Hz utaumia.

Akafanya, bado ikaandika Dolby Digital. Tukatafuta kwa simu nusu saa, kumbe kwenye pleya kuna kitu kinaitwa BD Audio Mix, nyingine wanaita Secondary Audio, kinachanganya sauti za menyu na za filamu, na ili ichanganye lazima pleya iifungue sauti. Akazima hiyo, akaweka sauti Bitstream, Atmos ikawaka.

Ukiwa na eARC nayo ina kisirani chake cha waya. ARC ya kawaida inaweza kufanya kazi kwenye waya wa HDMI wa zamani, eARC inatumia jozi ya nyaya ambazo waya wa zamani unaweza usiwe nazo sawasawa, kwa hiyo inashuka kuwa ARC kimya kimya bila kukwambia. Ukiona setingi ya eARC iko Auto lakini diski zinakataa, badilisha waya, chukua ulioandikwa High Speed with Ethernet au Ultra High Speed.

Diski za DTS:X, mpinzani wa Atmos, ni kesi nyingine, kuna tivii hazipitishi DTS ya aina yoyote hata zikiwa na eARC, unasikia kimya au sterio. Hizo pia dawa yake ni HDMI IN ya saundiba, kama yenyewe inaijua DTS:X, soma boksi.

Shemeji sasa hivi analalamika helikopta inasikika upande mmoja. Nimemuuliza dari ikoje, kasema jipsamu ya ngazi ngazi na feni katikati.