Pendulamu Kampala inazunguka ovyo

"Nimetundika pendulamu darasani hapa Kampala, ndani ya saa moja njia yake imegeuka digrii kama 20. Leo kulia, jana kushoto. Si ndio dunia inazunguka?"

Habari mwalimu. Hapana, hiyo si dunia. Ingekuwa dunia ingegeuka upande mmoja kila siku, na huku kaskazini mwa ikweta ni upande wa mishale ya saa ukitazama kutoka juu.

Cheki kwanza kama tufe linapita kwenye mstari au linachora yai. Likichora yai, njia yenyewe inageuka kufuata upande yai linakozunguka, na kamba fupi inazidisha. Mara nyingi ni mkono umelisukuma kidogo pembeni wakati wa kuachia, kwa hiyo livute kwa uzi, fungia uzi ukutani, ngoja litulie kabisa halafu uchome uzi kwa kiberiti. Angalia na pale juu ulipofunga, kama panalegea upande mmoja itakusumbua tu.

Sasa ubaya wa Kampala. Kwenye ncha ya dunia sakafu inajizungusha chini ya pendulamu digrii 15 kwa saa, lakini hapa karibu na ikweta sakafu inabebwa kwenda mashariki bila kujipinda, so unazidisha 15 kwa sine ya latitudo. Latitudo ya Kampala ni kama digrii 0.35, unapata digrii 2 hivi kwa siku nzima, na pendulamu yako itasimama kabla hujaona kitu. Paris, mwanafizikia Foucault alikoonyesha jambo hili mwaka 1851 kwa waya wa mita 67, ni digrii 11 kwa saa. Hata Gulu, kaskazini mwa Uganda, masaa manne yanakupa kama digrii tatu tu.