Kabla hujachora ruti: kukadiria kilomita kwa eneo na idadi ya wateja

Ukianza kazi ya usambazaji, swali la kwanza utakaloulizwa litahusu bajeti: maduka 100 kwa siku, pikipiki itatembea kilomita ngapi? Mara nyingi orodha ya maduka yenyewe bado haipo. Unajua ukubwa wa eneo na idadi ya wateja, basi. Hivyo viwili vinatosha kukupa jibu zuri, ila ukivitumia vibaya utamwonea mtu. Mimi nilimwonea.

Tuanze na hesabu yenyewe. Gawa eneo kwa idadi ya maduka. Kilomita za mraba 36 kwa maduka 100 ni 0.36 kwa kila duka, yaani kiwanja cha mita 600 kwa 600. Hiyo 600 ndiyo kipimo chako. Maduka yakiwa yametawanyika ovyo, jirani wa karibu zaidi wa duka lolote yuko wastani wa nusu ya kipimo hicho, na jirani wa pili robo tatu yake. Kila duka dereva analiingia kutoka upande mmoja na kulitoka kwa upande mwingine, kwa hiyo hata angebahatika kupita majirani wawili wa karibu kila mahali, wastani wa hatua moja hauwezi kushuka chini ya 0.625 ya kipimo. Kwa kweli habahatiki hivyo, kwa sababu lazima afunge mzunguko mmoja bila kuacha duka. Ndiyo maana namba halisi iko juu kidogo: takribani 0.7124. Zidisha hatua hiyo kwa idadi ya maduka. Urefu wa mzunguko ukiwa L, idadi ya maduka n na eneo A, unapata

```
L = 0.7124 * sqrt(n * A)
```

Wanahisabati Beardwood, Halton na Hammersley walithibitisha mwaka 1959 kwamba wateja wanapokuwa wengi sana, urefu wa mzunguko mfupi kuliko yote unafuata kipeuo cha pili namna hii. Thamani ya 0.7124 yenyewe ilikuja kupatikana baadaye kwa majaribio ya kompyuta. Kwa wateja wachache kidogo, wale wa pembezoni mwa eneo wanaongeza urefu: kwenye maduka 100 tumia 0.78, kwenye 1,000 tumia 0.73.

Sasa kisa changu. Tulikuwa tunapeleka hamira na viungo vya pilau upande wa Kigamboni. Mzigo mwepesi, boksi moja la pikipiki linabeba wa siku nzima. Nilizungushia mstari kwenye ramani, nikapata kilomita za mraba 36, maduka 100. Kipeuo cha 3,600 ni 60, mara 0.78 ni 46.8. Huo ni mstari ulionyooka kama anavyoruka kunguru, nikazidisha kwa 1.4 kwa ajili ya kona za barabara. Jibu: kilomita 65.5. Mafuta yakapangwa hivyo.

Wiki ya kwanza dashibodi ikasoma kati ya 47 na 50 kila siku. Nikaandika kwenye ripoti kwamba dereva anaruka maduka. Kesho yake alikuja ofisini, hakusema neno, akaweka kitabu cha risiti mezani kwangu na kukifungua ukurasa kwa ukurasa. Mihuri ya maduka yote 100 ilikuwapo, siku zote sita. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomchafua.

Kosa lilikuwa kwenye mstari wangu wa ramani. Maduka 80 yalikuwa yamesongamana kwenye kilomita za mraba 4 kuelekea Feri. Yaliyobaki 20 ndiyo yaliyotawanyika kwenye zile 32 za mashamba na viwanja visivyojengwa. Fomula inataka wateja waliosambaa sawasawa. Kama hawajasambaa hivyo, kata eneo vipande, piga kipeuo cha kila kipande peke yake, kisha jumlisha:

```
sqrt(80 * 4) + sqrt(20 * 32) = 17.9 + 25.3 = 43.2
43.2 * 0.78 * 1.4 = 47.2
```

Dereva alikuwa sahihi hadi kilomita. Tena ziangalie zile namba mbili za juu: maduka 20 yanakula asilimia 59 ya safari, na yale 80 yanachukua zilizobaki. Baada ya kuliona hilo tuliyahamishia maduka ya mbali kwenye siku tatu za wiki, na hakuna mwenye duka aliyelalamika kukosa hamira.

Ile 1.4 usiichukue kwangu. Chagua jozi kama 30 za maduka jirani, pima mstari ulionyooka, pima njia ya barabara, gawanya. Pima majirani, wala si kutoka stoo hadi duka, kwa sababu hatua fupi za mitaani zina kona nyingi kuliko safari ndefu ya lami, na mzunguko wako umejengwa na hatua fupi.

Kuna umbo moja la eneo ambalo fomula inalikosea kabisa, nalo ni wateja waliojipanga kando ya barabara moja. Chukua maduka 40 kwenye ukanda wa kilomita 20 kwa mita 200. Eneo ni 4, kipeuo cha 160 ni 12.6, na fomula itakupa kilomita 9 au 10. Lakini kwenda mwisho wa barabara na kurudi ni 40. Ukikuta jibu lako ni dogo kuliko mara mbili ya urefu wa eneo, liache, tumia hiyo mara mbili.

Baadaye tukaongeza mikate, na hapo hesabu ikabadilika sura. Mikate inajaza gari. Kirikuu chetu kilitosha maduka 25 kwa safari, kwa hiyo maduka 100 ni safari nne, na bekari iko wastani wa kilomita 9 kutoka kwa wateja. Kwa hali hii mtafiti wa usafirishaji Daganzo alitoa mwaka 1984 makadirio yenye sehemu mbili: kwenda na kurudi kwa kila safari, kisha kuzunguka ndani ya eneo, ambako namba inashuka hadi 0.57.

```
2 * 9 * 4 + 0.57 * 43.2 = 72 + 24.6 = 96.6
```

Hizo ni kilomita za mstari ulionyooka, barabara bado. Bosi alitaka tutafute maduka 100 mengine ili gharama kwa kila duka ishuke, kama tulivyoona kwenye hamira. Kwa hamira alikuwa na haki: wateja wakiongezeka mara mbili mtawanyiko ukiwa uleule, mzunguko unakua kwa asilimia 41 tu, na kilomita kwa kila duka zinashuka kwa asilimia 29. Kwa mikate, 72 inakuwa 144 na 24.6 inakuwa 34.8. Kila duka linatoka kwenye 0.97 hadi 0.89, punguzo la asilimia 7 au 8 tu. Nilimwonyesha karatasi hiyo, kisha nikaandika mstari wa pili: gari la kubeba maduka 50, safari mbili, 36 badala ya 72. Tukauza kirikuu.