Aliua ama alioa? Vile nilifunza mkono wangu kuandika pepa ya saa mbili na nusu

Karatasi yangu ya Fasihi ya moki ilirudi na wino mwekundu pembeni, mwalimu ameandika tu maneno matatu, "aliua ama alioa?" Nilikuwa nimeandika alioa. Mimi mwenyewe nikaangalia ile o nikaona kweli imefunguka juu, ni u kabisa, kwa hivyo mhusika wangu badala ya kupata bibi ameingia kwa mauaji na hoja yangu imeenda na maji. Ukifungua kurasa za nyuma hiyo shida inazidi, swali la kwanza linasomeka vizuri na la nne ni kama kuku amepita hapo na miguu ya matope.

Sasa hivi niko hapa Kisumu nasukuma dogo wetu aliye fomu foo na pepa ni ileile ya Fasihi ya Kiswahili ya KCSE, 102/3, maswali manne, kila moja maksi 20, saa mbili na nusu. Nitaeleza vile tunafanya kila Jumamosi.

Kwanza hesabu, juu wengi huambiwa waandike haraka na hawajui haraka ni ngapi. Dakika 150 ukigawanya kwa maswali manne, ukiacha kama 10 za kusoma pepa na kuchagua, unabaki na 35 kwa kila swali. Toa 5 za kupanga hoja, umebaki na 30 za kuandika. Dogo akiwa freshi anaandika mistari 18 kwa dakika 10, mstari wake unabeba maneno kama 7, so kwa hizo dakika 30 ana mistari 54. Swali la insha la maksi 20 ukilijibu kwa hoja kumi, kila hoja inapata mistari mitano hivi, inatosha kutaja hoja, kueleza na kuweka mfano kutoka kwa kitabu. Akishuka hadi mistari 11 kwa dakika 10, hoja inabaki na mistari mitatu, na kitu cha kwanza kukatwa ni ule mfano wa kitabu.

Utajuaje kama unashuka? Hapa ndio ujanja wetu wote uko. Anaweka simu ilie kila baada ya dakika 10, na ikilia anapiga kakistari kadogo pambizoni pale mkono umefika halafu anaendelea, hasimami hata kidogo. Akimaliza tunahesabu mistari kati ya alama moja na nyingine. Jumamosi moja mwezi wa tano tulikuwa tunafanya maswali mawili tu, dakika 70, ikatoka hivi: 18, 17, 9, 17, 15, 12, 11. Ile 9 ya katikati inatisha lakini si mkono, ndio alikuwa amemaliza swali la kwanza anapanga la pili, na mwandiko hapo ni safi. Hiyo 15, 12, 11 ya mwisho ndio ugonjwa, juu herufi pia zinalala na kuvimba, na hoja alikuwa nazo zimeorodheshwa kando tayari. Mistari ikipungua na herufi ziko sawa, umekwama kichwani, enda ukasome kitabu. Mistari ikipungua na herufi zimeharibika, mkono umechoka. Na kama mistari haipungui ila mtu hawezi kusoma, unakimbia kuliko herufi zako zinavyoweza.

Mkono wa dogo ulikuwa unachoka kwa sababu anabana kalamu kama anashikilia kamba ya ng'ombe. Geuza karatasi upitishe kidole nyuma, ukihisi vinundu vya kila neno unafinyilia sana. Pia alikuwa anaandika kwa vidole peke yake, kiganja kimekwama mezani, na kila akifika mwisho wa mstari vidole vimenyooka kama vinafika mbali. Tukabadilisha vitu viwili tu. Akarudisha vidole nyuma kidogo kutoka kwa ncha na kuachilia mkono wote uteleze kutoka kwa kiwiko. Halafu mkono wa kushoto ukapewa kazi, unasukuma karatasi juu pole pole ili ule wa kuandika ubaki mahali pamoja badala ya kuteremka mpaka kiwiko kining'inie nje ya dawati. Kila alamu ya dakika 10 ikawa pia ni ukumbusho wa kulegeza vidole. Kalamu ni ya kawaida tu ya shilingi chache bora wino usikwame, zile za jeli zinateleza vizuri lakini hili joto la Kisumu na jasho la kiganja, aki utapaka ukurasa mzima. Weka kikaratasi kilichokunjwa chini ya kiganja.

Upande wa kusomeka, usijaribu kubadilisha mwandiko wote, hautaweza na utakuwa polepole zaidi. Tafuta herufi zinazovunjika. Sisi tunampea mathe ukurasa wa mwisho asome kwa sauti, yeye hajasoma hiyo tamthilia kwa hivyo hawezi kubahatisha, na pale anakwama tunapiga duara. Mwalimu anayekujua hukusaidia kukisia, yule wa kusahihisha mtihani hakujui. Mara ya kwanza tulipata duara 23 kwa ukurasa mmoja na karibu zote zilikuwa a iliyofunguka juu ikawa u, na t bila kistari cha kukata ikawa l. Kwa Kiswahili hiyo a ni hatari sana, iko kila mahali, maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu na pale mwisho ndio mkono huwa unakimbilia neno lingine. Anapenda inakuwa unapenda, kutia inakuwa kulia.

Kwa hivyo ni herufi mbili tu tulirekebisha. Dakika 5 kila jioni, anaandika maneno kama aliua, alioa, alitaka, walitawala, kwanza polepole akifunga a, halafu anaongeza spidi mpaka pale a inaanza kufunguka, anarudi nyuma kidogo kwa spidi ambayo bado inafunga na anabaki hapo. T anakata kistari chake papo hapo kabla ya kuanza neno lingine, ukisema utarudi kuzikata zote mwishoni hautarudi. Wiki mbili za kwanza mistari ilishuka kutoka 18 hadi 15 na akanuna sana, wiki ya nne ikarudi 17. Hiyo ndio maana hii kitu haifai kuanzwa mwezi wa kumi, utaingia KCSE ukiwa kwa ile sehemu ya kushuka.

Muda wa Jumamosi tunaongeza swali moja kila baada ya wiki tatu, si wiki moja. Mimi nilirukia saa mbili na nusu siku ya kwanza nikakaa siku tatu na kidole gumba kinauma. Uchovu wa kuisha jioni hiyohiyo ni sawa, lakini ukiamka kesho yake bado inauma ama vidole vinakufa ganzi, pumzisha, na ikiendelea onana na daktari.

Jumamosi iliyopita alifanya pepa yote. Mistari ya nusu saa ya mwisho ilikuwa 16, 15, 15, na mathe akakwama mara nne tu, moja ikiwa jina la mhusika ambalo dogo mwenyewe alikuwa amekosea. Tulianza saa mbili asubuhi kukiwa na baridi baridi, kwa hivyo wiki ijayo namweka saa nane mchana, mabati yakiwa yamewaka, tuone.